Namba Moja: Sihami

Mwanamke wa chumba cha nne tunamwita Mama Sindano. Hana mtoto anayeitwa hivyo, wala mtoto mwingine yeyote. Jina limetokana na tabia yake ya kuongea huku amebana pini kati ya midomo, akikupima mabega na kukueleza habari za watu ambao hujawahi kuwaona. Hajawahi kumeza pini hata moja, na pini hazijawahi kumzuia kusema.

Anashona. Cherehani yake ya umeme iko chini ya dirisha, meza ya kukatia nguo iko upande wa ukuta wa nyuma, na kitanda kimejibanza nyuma ya pazia kama kimeomba hifadhi. Alikuja humu akiwa bibi harusi. Mumewe alikufa, yeye akabaki, na wateja wake wakabaki, kwa sababu mteja wa fundi nguo haendi kwa anuani. Anakwenda pale miguu ilipozoea. Mwondoe Mama Sindano mtaa huu, umpeleke hata mitaa miwili mbele, uone kama hao wanawake wenye vitambaa watamfuata. Hawatamfuata. Watamshonesha mwingine na kumsema vibaya.

Hili alilijua marehemu mwenye nyumba. Yule mzee alikuwa mgumu, tena mchoyo wa rangi na saruji, lakini alikuwa na adabu moja ambayo leo huipati hata ukiitafuta kwa tochi: alikuwa anakuja. Kila mwezi angekaa kwenye benchi la uani, miguu ameinyoosha, na kumwambia kila mpangaji, "Haya, nipe habari." Ukampa. Ungeanza na usingizi wako, ukapita kwa wifi yako na mafua yako, na mwishowe ungefika kwenye bawaba ya mlango. Mzee hakukukata kauli. Alijua bawaba iko njiani inakuja. Na siku mbili tatu baadaye fundi angebisha hodi na bawaba mkononi.

Mzee akafa, nyumba ikaenda kwa mwanawe. Sisi tunamwita Mrithi. Tulimwona siku ya mazishi, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na tangu hapo yeye ni picha ndogo ya duara kwenye simu. Anajibu kwa neno moja. Ukimpigia hapokei. Ukimtumia sauti haisikilizi, na ukimwuliza anakuandikia, "Andika."

Basi Mama Sindano akaandika.

Sababu ilikuwa paa. Msumari wa bati ulikuwa umelegea juu ya ukuta wa nyuma, na mvua zilipoanza maji yakapata mlango. Kwanza doa darini, la rangi ya chai. Kisha mchirizi ukutani. Kisha siku moja akakuta maji yametua kwenye gauni la harusi la mteja, jeupe, alilolikunja mezani likisubiri shanga. Na mchirizi ule ulikuwa unashuka moja kwa moja hadi kwenye soketi anayochomeka pasi. Alipogusa swichi ilimtikisa mkono hadi kwapa.

Ujumbe aliomwandikia Mrithi Jumapili ile niliusoma baadaye wote, na nilihitaji kupumzika katikati. Ulianza kwa salamu, na hapo sina neno. Ukaja kumkumbusha Mrithi kwamba alimshonea baba yake suruali ya mwisho. Ukapita kwa mpangaji wa chumba cha pili anayeanika nguo mbele ya dirisha lake. Ukagusa mfereji, ukagusa paka, ukasimulia gauni lilivyokuwa na mwenye gauni alivyolia, ukarudi kwa paka. Paa lilikuwamo, lakini limefunikwa kama mtoto chini ya mablanketi ya wageni. Na mahali fulani baada ya paka, hasira ikiwa imempanda, aliandika hivi: "kama chumba chako unakipenda kuliko watu, basi nitakuachia ukae nacho mwenyewe, mimi nimechoka."

Kila mtu aliyelelewa anajua sentensi hiyo ni nini. Mke humwambia mumewe, mama humwambia mwanawe, na hakuna anayefunga mzigo. Marehemu mwenye nyumba angecheka, angesema, "Utakwenda wapi, wewe?" na kuulizia chai.

Jibu la Mrithi lilikuja Jumatatu. "Nimepokea taarifa yako ya kuhama. Mwisho wa mwezi ni sawa."

Basi. Katika maneno yote yale, mtu yule alitia mkono kama anayechagua nyanya akachukua lile moja lililomfaa. Sijui kama aliyasoma mengine. Nadhani hakuyasoma. Mama Sindano alinionyesha mimi, mzee jirani yake, simu akiwa ameishika kwa ncha za vidole, kama imeoza.

"Mzee, mimi nimesema nahama?"

"Hujasema."

"Basi huyu anasoma nini?"

Alimpigia mpaka simu ikachoka. Akamtumia sauti sita mfululizo. Mrithi hakusikiliza hata moja. Na Jumatano, wakati Mama Sindano yuko mezani anakata kola, mlango ulisukumwa bila hodi, akaingia dalali wa vyumba na nyuma yake mke na mume wapya, bado wanashikana mikono.

"Hiki hapa," dalali akawaambia, ameshamvuka mwenye chumba kama stuli. "Dirisha kubwa. Hii mitambo yote itaondoka."

"Mitambo ndiyo nini?" akauliza Mama Sindano. Pini ziko mdomoni.

"Mama, usijali, tunaangalia tu. Wewe si unaondoka?"

"Nani kakwambia naondoka?"

"Mwenye nyumba. Umemwandikia mwenyewe." Akawageukia wageni wake. "Hapa mnaweka kabati."

"Hapo utaweka kichwa chako," alisema Mama Sindano, na akatoa pini mdomoni, jambo ambalo sisi majirani tunalijua maana yake. Yule mke mpya alilijua pia bila kufundishwa, akamvuta mumewe nje. Dalali alitoka akirudi kinyumenyume, anasema Jumamosi watarudi, na kwamba mwanamke mwenye akili hupanga vyombo vyake mapema.

Ndipo Mama Sindano alipomwita wifi yake.

Hao wawili hawapendani. Wifi ni dada wa marehemu mume, na kwa miaka mingi amekuwa na maoni kwamba kaka yake angeoa kwingine. Lakini anafanya kazi dirisha la malalamiko katika ofisi ya maji, siku nzima anapokea watu waliokatiwa na waliofurikiwa, na Mama Sindano alikuwa amefika mahali ambapo mtu humwita hata adui wake, mradi ana ufunguo.

Alikuja Alhamisi baada ya kazi, na kitambulisho chake cha ofisi bado kinaning'inia kifuani. Alikaa kwenye benchi la uani, pale pale alipokuwa akikaa mzee. Sikupenda. Akausoma ujumbe wa Jumapili bila kucheka, akashusha simu.

"Wifi, hii ni barua au ni msiba?"

"Umekuja kunisaidia au kunisimanga?"

"Vyote nina muda navyo. Kule kwetu malalamiko yakija marefu hivi, tunasoma mwanzo, tunasoma mwisho, tunachukua tunachoelewa. Huyu kijana kachukua alichoelewa. Sasa niambie. Unataka nini?"

"Nataka ajue alivyonifanyia!"

"Akishajua?"

"Aone haya."

"Haya haina fundi. Mimi siwezi kumtuma mtu na spana akamtie mtu haya. Unataka kitu gani kifanyike, mtu akifanye kwa mikono yake, wewe ukikague useme kimefanyika?"

Mama Sindano aliugeukia mlango wake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea, "Nataka kubaki chumbani kwangu."

"Hiyo namba moja," alisema wifi, akaanza kuandika.

Nikamwambia, kwa kuwa niko hapo na sina kazi nyingine, kwamba zamani mtu hakuhitaji kupiga namba shida zake kama mabegi ya mizigo. Hakuinua macho.

"Babu, zamani baba yake alikuwa anakuja. Huyu haji. Ujumbe ndio unakwenda. Sasa unataka uende na mizigo yote ile ukwame mlangoni?"

Alisema kweli, na hilo lilinichukiza zaidi.

Wakagombana kwa kila mstari. Suruali ya mwisho ya marehemu mwenye nyumba ilitoka kwanza, na Mama Sindano akaitetea kama mtoto anayepelekwa jela.

"Atakumbuka wema!"

"Ataruka. Akiruka hapo, ataruka na pa chini yake. Paka je, anataka nini huyu?"

"Paka mwache. Ila yule wa chumba cha pili na nguo zake..."

"Ndilo paa hilo?"

"Siyo paa, lakini..."

"Basi lina siku yake. Ukimchanganyia, atakwenda kugombana na chumba cha pili, kwa sababu hilo ni rahisi na halina gharama, halafu atasema ameshashughulikia. Sihami iwe juu kabisa, maneno machache, asipate pa kupenyeza kidole. Sasa paa. Linavuja wapi?"

"Kila mahali, wifi, hata moyo wangu..."

"Moyo wako uko upande gani wa nyumba?"

Hapo hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Mama Sindano hakucheka. Aliingia ndani, akarudi, akasema ni juu ya ukuta wa nyuma, karibu na kona ya mlango wa uani, na kwamba limeanza na mvua za mwezi uliopita. Wifi akaandika hivyo hivyo. Akamwambia azime swichi kuu ya chumba kwanza, asiguse soketi ile kabisa, kisha apige picha za doa, za mchirizi na za soketi, kutoka mbali ili ukuta uonekane, na kutoka karibu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa dalali. Mama Sindano alitaka Mrithi aje mwenyewe, akae kwenye benchi, amwombe radhi mbele ya wapangaji kwa kumwingizia watu chumbani. Alisema hilo ndilo linalomuuma kuliko maji. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, na nitampa haki yake, hilo alilisikiliza kweli.

"Hatakuja," alisema. "Ukimdai radhi ambazo hutazipata, utakuwa umempa nafasi ya kukunyima kitu, na akikunyima kimoja atajisikia huru kukunyima na vingine. Mwombe asichoweza kukataa. Mtu asiingie bila kukujulisha siku moja kabla."

"Hiyo siyo radhi."

"Siyo. Ni mlango unaofungwa."

Mama Sindano alitaka pia soketi iwe namba yake peke yake. Hapo wifi alikosea, na naliandika kosa lake kwa furaha. Alisema maji ni maji, soketi imelowa kwa sababu paa linavuja, weka pamoja ujumbe uwe mfupi. Wakaweka pamoja. Ukatoka hivi:

"Habari za jioni. Mimi ni mpangaji wa chumba namba nne.
1. Sihami. Ujumbe wangu wa Jumapili haukuwa taarifa ya kuhama. Naomba uthibitishe na umjulishe dalali.
2. Paa linavuja juu ya ukuta wa nyuma, karibu na mlango wa uani, tangu mwezi uliopita. Maji yameingia kwenye soketi, ina hatari. Picha nimetuma. Naomba fundi kabla ya Jumatano ijayo.
3. Naomba mtu yeyote asiletwe chumbani bila kunijulisha siku moja kabla.
Naomba jibu kwa kila namba kufikia kesho jioni."

Mama Sindano aliusoma midomo ikicheza. "Mbona kama nimeandikiwa na polisi?"

"Tuma."

"Hata mjumbe wa msiba anasema pole kwanza."

"Wifi. Tuma, au nirudishie nauli yangu."

Akatuma. Wifi akanywa maji, akasema kaka yake alikuwa mtu wa maneno machache na sasa anaelewa kwa nini, akaondoka. Mama Sindano alimtukana mpaka alipopotea kwenye kona.

Ijumaa hakushona. Alikaa na simu mapajani, uso umekunjamana, na kila aliyepita uani alipewa lawama bila kuuliza. Jioni simu ikalia.

"1. Sawa. 2. Fundi paa Jumanne. 3. Sawa."

Nilimwambia hongera. Aliniangalia kama nimemtemea.

"Hata kunisalimu, Mzee. Namba tu. Mimi nilimpima baba yake kiuno."

Jumamosi dalali alirudi kama alivyoahidi, na wale wale mke na mume, safari hii wamekuja na futi ya kupimia. Safari hii alibisha, lakini alibisha akiwa ameshaingia nusu. Mama Sindano hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akajaza nafasi yote, akanyoosha simu.

"Soma namba moja. Kwa sauti, wenzako wasikie."

"Mama, mimi sijaambiwa kitu."

"Ndiyo maana nakwambia usome."

Dalali alisoma, namba moja ya Mama Sindano na jibu la Mrithi. Akasogea kando, akampigia Mrithi, na ajabu, Mrithi alipokea. Tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na upande huo ulikuwa "ndiyo", "ndiyo", "lakini bosi", "ndiyo." Yule mume mpya alikunja futi yake polepole. Mkewe akasema, "Samahani, mama," na alikuwa mtu pekee aliyesema neno hilo katika jambo hili zima.

"Wazee wabishi," dalali alinong'ona, akinitazama mimi ambaye sijatia neno.

"Na namba tatu usisahau," Mama Sindano alimfuata kwa sauti. "Siku moja kabla! Hata ukija kunizika!"

Jumanne fundi wa paa alikuja, mtu mwembamba na ngazi ndefu. Alipanda bila salamu ndefu, akang'oa misumari iliyolegea, akaweka mipya yenye vifuniko vya mpira, akaziba na lami kila tundu. Mama Sindano alisimama chini ya ngazi na kuanza kumsimulia. Alianza mwanzo kabisa, kwa doa la rangi ya chai. Mtu yuko juu ya bati, hana pa kukimbilia. Nilivuta kiti. Nilidhani nitausikia wote tena kama zamani, na paka ndani yake.

"Mama," fundi alisema akiwa na misumari mdomoni, "mimi nimeambiwa bati tu."

"Na soketi?"

"Soketi sijaambiwa. Mimi si fundi umeme." Akamwonyesha simu alipotelemka. Mrithi alikuwa amemtumia sentensi moja tu, ile ya kwanza ya namba mbili, imekatwa pale paa linapokwisha. Soketi ilibaki upande wa pili wa mkasi.

Nikangoja. Nilimwona akivuta pumzi, kifua kikapanda, na nikajua sasa yanakuja yote. Suruali, gauni, wifi na ofisi yake ya maji, paka. Nilikuwa upande wake kabisa.

Alitoa simu mfukoni akaandika amesimama, kwa kidole kimoja. Hakumwita wifi. Hakuniuliza neno. Alinionyesha baada ya kutuma.

"Paa limetengenezwa, asante.
1. Soketi ya ukuta wa nyuma iliingia maji na haijaguswa. Inapiga shoti. Naomba fundi umeme kufikia Alhamisi. Naomba jibu leo."

Jibu lilikuja kabla fundi hajamaliza kufunga ngazi. "1. Alhamisi asubuhi."

"Umeona?" nikasema, ili niseme kitu. "Ulikuwa sahihi kuhusu soketi. Wifi yako ndiye..."

"Mzee, jua linazama," akanikata.

Fundi umeme alikuja Alhamisi, akabadilisha soketi na kipande cha waya, akapima, akawasha swichi kuu. Cherehani ikaanza kuunguruma tangu saa hiyo na haijanyamaza. Wateja wameanza kurudi na vitambaa vyao. Anawapima, anawauliza urefu, anawaambia siku ya kuchukua.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye benchi. Alitoka kumwaga maji. Nikamwambia, kama mzee yule alivyokuwa akisema, "Haya, nipe habari."

Alisimama na ndoo mkononi akafikiri.

"Paa halivuji," alisema. "Umeme upo. Nabaki." Akaingia ndani, akafunga mlango, maana kuna mtu alikuwa anangoja nguo yake.